M-Pesa ni ya nani? Hataza, hakimiliki na alama ya biashara

Mtu wa Dar es Salaam akitaka kutuma hela kwa simu hakosi pa kuchagua. Kuna M-Pesa, kuna Airtel Money, kuna HaloPesa, kuna Mixx ambayo jana tu ilikuwa Tigo Pesa. Majina ni tofauti, kazi ni ileile: unampa wakala noti, salio linaingia, unaandika namba ya mpokeaji, unaweka namba ya siri, na sekunde chache baadaye mama yako kijijini anapata ujumbe. M-Pesa ilizinduliwa Kenya tarehe 6 Machi 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata. Haikupita miaka mingi kila kampuni ya simu ikawa na ya kwake. Wazo liliigwa mchana kweupe, na sheria haikumzuia mtu.

Vijana wanaoanzisha kampuni wakilisikia hili hushtuka, maana swali lao la kwanza wakikaa kwenye somo la sheria huwa ni moja: nitasajili wapi wazo langu wasiniibie? Jibu ni kwamba hakuna ofisi inayosajili wazo, si Dar, si Nairobi, si London. Sheria inalinda vitu vitatu vinavyozaliwa na wazo, na kila kimoja kina mlango wake. Hataza inalinda uvumbuzi, yaani namna mpya ya kutatua tatizo la kiufundi. Hakimiliki inalinda kazi iliyokwisha kuandikwa, kuchorwa au kurekodiwa. Alama ya biashara inalinda jina au nembo ambayo mteja huitumia kujua bidhaa hii imetoka kwa nani. Watu wanavichanganya, na mkanganyiko huo una gharama. Yuko anayemlipa wakili aandae hataza ya kitu kisichopewa hataza, na yuko anayekaa miaka mitano bila kusajili jina ambalo ndilo mali pekee aliyonayo.

M-Pesa ni mfano mzuri wa kuvitenganisha, kwa sababu vyote vitatu vinapita ndani yake na historia imetuonyesha kipi kilidumu.

Tuanze na hataza, kwa kuwa ndiyo inayotajwa sana. Sheria ya Mali ya Viwanda ya Kenya ya mwaka 2001 inataka uvumbuzi uwe mpya duniani kote, usiwe jambo ambalo fundi wa kawaida wa fani hiyo angelifikia bila jasho, na uweze kutumika viwandani au kwenye shughuli kama kilimo na uvuvi. Kisha inataja visivyohesabiwa kuwa uvumbuzi: nadharia za sayansi, njia za hesabu, na mipango, kanuni au njia za kuendesha biashara. Hapo ndipo sehemu kubwa ya M-Pesa inapodondoka. Kumwachia muuza duka fedha ili ndugu yako azichukue kwa muuza duka mwingine ni njia ya kufanya biashara. Iwe kwa simu, iwe kwa barua, Taasisi ya Mali ya Viwanda ya Kenya, maarufu kama KIPI, haikupi hataza ya njia ya kufanya biashara.

Hataza inakaa vizuri zaidi kwenye kitu kinachoshikika. Tuseme vijana wawili wa Kisumu wametengeneza kikaushio cha omena, wale samaki ambao ng'ambo ya ziwa, Mwanza, wanaitwa dagaa. Kukausha kwa jua si jipya. Sanduku lenye kioo juu na trei ndani limo kwenye vitabu tangu zamani. Chao kina feni inayoendeshwa na umeme wa jua, na wamegundua kwamba kihisi cha unyevu kikiwekwa pale hewa inapotokea, feni inaweza kupunguza kasi yenyewe samaki wakikaribia kukauka, na betri ikadumu usiku kucha. Hapo pana cha kuombea hataza.

Ombi la hataza lina maelezo marefu, michoro na muhtasari, lakini roho yake ni madai, zile sentensi za mwisho zinazotaja mipaka ya kile unachokimiliki. Dai la hawa vijana lingeweza kusomeka hivi: "Kikaushio cha samaki chenye chumba kilichofunikwa, trei zenye matundu zilizopangwa juu kwa juu, feni inayosukuma hewa iliyopashwa joto na jua, na kihisi cha unyevu kilichowekwa kwenye njia ya kutokea hewa, ambapo kasi ya feni hubadilika kufuatana na unyevu uliopimwa na kihisi hicho." Lisome tena taratibu, kwa sababu kila neno ni ukuta. Ili mshindani awe amekiuka hataza hii, ni lazima kikaushio chake kiwe na kila kilichotajwa. Akiondoa kihisi kwenye njia ya kutokea hewa na kukiweka katikati ya trei, ana hoja nzuri kwamba yuko nje ya ukuta.

Basi kwa nini wasiandike tu "kihisi cha unyevu ndani ya kikaushio" wafunge kila kona? Kwa sababu mkaguzi atatafuta, na akikuta makala ya miaka ishirini iliyopita kuhusu kikaushio cha maembe chenye kihisi popote pale ndani, dai lote pana linaanguka. Kazi ya mwandishi wa hataza ni kuchora ukuta mpana kadiri inavyowezekana bila kugusa yaliyokwishajulikana. Ndiyo maana hataza iliyoandikwa na mtu asiyezoea mara nyingi hupatikana, ina mhuri na kila kitu, na bado haimzuii yeyote. Ukitaka kujua hataza ina nguvu gani, acha cheti, soma dai la kwanza na uhesabu vitu vilivyotajwa. Vikiwa vingi mno, njia za kuikwepa nazo ni nyingi.

Kuna mtego mwingine, na huu huwanasa watu wakiwa bado na furaha. Uvumbuzi ukishaonyeshwa hadharani si mpya tena. Sheria ya Kenya ina huruma: ukiwa umeuonyesha mwenyewe, una miezi 12 ya kuwasilisha ombi na ule uonyeshaji hautahesabiwa dhidi yako. Ulaya haina huruma hiyo, isipokuwa kwa hali chache sana. Vijana wetu wakikiwasha kikaushio mbele ya kamera kwenye maonyesho, video ikasambaa, hataza ya Kenya bado wanaweza kuiomba lakini ya Ulaya imekwenda. Na hataza ya Kenya inaishia mpakani. Mtu wa Mwanza anaweza kukitengeneza kikaushio hicho na kukiuza Mwanza bila kumkosea yeyote, mpaka wenyewe waombe ulinzi Tanzania pia, moja kwa moja au kupitia shirika la ARIPO lililoko Harare, ambalo ombi lake moja linaweza kutaja Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na wanachama wengine. Ukiomba nchi moja, Mkataba wa Paris unakupa miezi 12 ya kuomba kwingine ukahesabiwa kwa tarehe ile ya kwanza. Baada ya hapo, ombi lako mwenyewe likishachapishwa, linaweza kugeuka kuwa ushahidi kwamba kitu si kipya.

Hataza ikipatikana Kenya inadumu miaka 20 tangu siku ya kuomba, kwa sharti la kulipa ada kila mwaka. Kwa kampuni changa isiyouza kitu cha kiufundi, naona fedha hizo zina kazi nyingine za kufanya.

Turudi kwenye M-Pesa. Huduma ilitakiwa iendeshwe na programu, na programu ya kwanza iliandikwa na kampuni ya Sagentia ya Uingereza kwa ajili ya Vodafone, mmoja wa wanahisa wa Safaricom. Majaribio yalianza Kenya mwaka 2005. Programu ya kompyuta, mbele ya sheria, ni kazi ya maandishi kama riwaya au kitabu cha hesabu, na hakimiliki yake huanza pale pale inapoandikwa. Hakuna fomu wala ada. Kenya na Tanzania zote ni wanachama wa Mkataba wa Berne, ambao unakataza kuifanya haki hii itegemee usajili. Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, na ofisi ya COSOTA kwa Tanzania Bara hupokea kazi na kuziandikisha, na kufanya hivyo ni busara kwa sababu cheti ni ushahidi mzuri wa tarehe. Ila cheti hakiizai haki. Ilikuwepo kabla yake.

Kwa urahisi huo wa kuipata, hakimiliki ina mpaka ambao watengenezaji wa programu hawaupendi. Inazuia kunakili maandishi yako. Haizuii mtu kuandika ya kwake yanayofanya kazi ileile. Kesi inayofundishwa sana ni ya London, mwaka 2004. Shirika la ndege la easyJet lilikuwa likitumia mfumo wa kukatia tiketi wa kampuni ya Navitaire, kisha likaajiri wataalamu wengine walitengeneze mfumo unaofanana nao karibu kila kitu machoni pa mtumiaji. Wataalamu hao hawakuwahi kuona hata mstari mmoja wa programu ya Navitaire. Waliangalia inavyofanya kazi, wakaandika yao toka mwanzo. Jaji Pumfrey alisema hiyo si kunakili, akatoa mfano wa mpishi anayeonja kitindamlo cha mwenzake na kurudi jikoni kwake kujaribu mpaka akakipata: kilichoigwa ni chakula, haikuibwa karatasi ya mapishi. Navitaire ilipata kidogo, kwenye baadhi ya vipicha na kurasa za kwenye kioo, kwa sababu hivyo vilikuwa michoro. Namna tiketi inavyokatwa ikabaki ya kila mtu.

Hukumu ya London haiifungi mahakama ya Nairobi wala ya Dar, lakini mantiki yake inaeleza vizuri kwa nini Airtel Money iliweza kuwa na orodha ileile ya "tuma pesa", "toa pesa", "lipa bili" bila kugusa hakimiliki ya mtu. Waandishi wake walikuwa na karatasi yao.

Mwaka 2015 likatokea jambo ambalo wateja wengi hawakuligundua. Safaricom iliuacha mfumo wa zamani, ikauhamishia M-Pesa kwenye mfumo mpya uliotengenezwa na Huawei, na mitambo iliyokuwa Ulaya ikarudi Kenya. Kwa maneno mengine, programu yenyewe, ile kazi iliyokuwa na hakimiliki tangu mwanzo, iliwekwa kando. Mteja wa Gikomba aliamka asubuhi, akabonyeza palepale, akatuma hela kama jana. Kilichokuwa kimemshika hakikuwa programu. Alijua M-Pesa, akaiamini M-Pesa, na alama hiyo ya kijani kwenye kibanda cha wakala ndiyo aliyokuwa akiitafuta kwa macho akishuka kwenye matatu.

Jina hilo halikuwa la Safaricom. Lilikuwa la Vodafone, na kwa miaka mingi Safaricom ilikuwa ikiilipa Vodafone kulitumia. Wakenya waliokuwa wakijivunia M-Pesa kama mtoto wao walikuwa wakimlea mtoto aliyeandikishwa kwingine. Ni mwezi Aprili 2020, miaka 13 baada ya uzinduzi, ndipo Safaricom na Vodacom kwa pamoja zilipokamilisha kulinunua jina hilo pamoja na kazi ya kuiendeleza huduma yenyewe.

Hii ndiyo tofauti kubwa ya alama ya biashara na zile haki nyingine mbili. Hataza inakufa baada ya miaka 20 hata ufanyeje. Hakimiliki ya kitabu huishia miaka 50 baada ya mwandishi kufariki, kwa sheria za Kenya na Tanzania. Alama ya biashara haina siku ya kufa. Kenya unasajiliwa kwa miaka 10, Tanzania Bara kwa miaka saba ya kwanza kisha kumi kumi, na unaweza kuihuisha hivyo hivyo maisha yote ya biashara. Sharti ni kuitumia. Ukiiweka kabatini miaka mitano Kenya, mtu anaweza kwenda kuomba ifutwe.

Sasa angalia jina lenyewe. Vodafone ilisajili M-Pesa. Hakuna aliyeweza kusajili "pesa". Neno ambalo kila mfanyabiashara anahitaji kulitaja ili aeleze anachouza haliwezi kufungiwa na mmoja, na ndiyo maana Tigo Pesa, HaloPesa na Ezy Pesa ya Zantel ziliweza kuishi pembeni ya M-Pesa. Ile herufi M na kistari, pamoja na miaka ya matangazo, ndiyo iliyobeba mzigo wote. Vijana wetu wa Kisumu wakiamua kukiita kikaushio chao "Omena Kavu" watapata jibu hilo hilo kutoka KIPI: jina linaeleza bidhaa, wauzaji wengine wa omena kavu nao waseme nini? Wakikiita kwa neno lisilohusiana na samaki wala jua, mteja atachukua muda kulizoea, lakini likishazoeleka ni lao. Wauzaji wanapenda jina linalojieleza, wanasheria wanapenda jina lisiloeleza kitu. Mimi hapa nasimama na wanasheria.

Alama husajiliwa kwa madaraja. Utaratibu wa kimataifa una madaraja 45, ya kwanza 34 ni ya bidhaa na yaliyobaki ni ya huduma. Huduma za fedha ziko daraja la 36, nguo la 25, programu za kupakua la 9. Mwishoni mwa mwaka 2018 watu wa pwani na bara walighadhibika waliposikia kwamba Disney "imemiliki" maneno hakuna matata. Kilichokuwepo ni usajili wa Marekani wa mwaka 2003 wa kutumia maneno hayo kwenye fulana. Hasira ilikuwa na msingi wake, kwani si kila mtu anafurahi kuona msemo wa babu zake kwenye daftari la Washington, lakini hakuna aliyezuiwa kuusema, kuuimba, au kuuandika ubavuni mwa dala dala yake. Haki ya alama inakwenda na nchi na bidhaa iliyotajwa. Kwa mantiki hiyo hiyo, mfanyabiashara aliyesajili alama yake BRELA, Dar es Salaam, hajailinda Zanzibar. Zanzibar ina sheria yake na ofisi yake, BPRA, na inabidi aombe huko tena. Ni jambo dogo mpaka siku mtu wa Darajani aanze kuuza kwa jina lako.

Kosa la kawaida kuliko yote, hata hivyo, ni kudhani kwamba cheti cha kampuni ni cheti cha alama. BRELA inasajili kampuni, inasajili majina ya biashara, na inasajili alama za biashara, vyote kwenye mtandao mmoja, kwa hiyo mtu akiona jina lake kwenye cheti cha kampuni anapumua. Cheti kile kinasema kampuni ipo. Hakimzuii mwingine kupaka jina hilo kwenye pakiti zake. Kinachomzuia ni ombi la alama lililotajiwa daraja, likakaguliwa, likatangazwa kwenye jarida rasmi, likakaa siku 60 bila mtu kulipinga au likashinda pingamizi. Na kabla ya kuomba, lipa ada ya kupekua daftari. Watafute pia wanaofanana nawe kwa mlio, si kwa herufi tu: mkaguzi atasoma jina lako kwa sauti, na "Kwiki" na "Quick" masikioni ni kitu kimoja.

Jina pia ndilo linalobaki na muuzaji usipoangalia mkataba. Kundi la Axian lilikamilisha kuinunua biashara ya Tigo Tanzania mwaka 2022: wateja, mawakala. Jina Tigo ni la kampuni ya Millicom, ambayo bado inalitumia Amerika ya Kusini na ya Kati. Novemba 2024 Watanzania wakaamshwa na Yas, na Tigo Pesa ikawa Mixx. Kabla yake Zain ilipouza biashara yake ya Afrika kwa Wahindi wa Bharti mwaka 2010, jina Zain halikuuzwa, na huduma yake ya fedha iliyoitwa Zap ikawa Airtel Money. Mabango yote yalipakwa rangi upya.

Hayo ni ya wakubwa. Kwa kampuni ya watu watatu hatari iko ndani ya nyumba, na inahusu hakimiliki. Sheria ya Kenya inasema kazi iliyofanywa na mwajiriwa ndani ya ajira yake, au iliyoagizwa na mtu, haki yake inahesabiwa kuwa imehamia kwa mwajiri au aliyeagiza, isipokuwa wamekubaliana vingine. Inaonekana nzuri. Sasa chukua hali ya kweli ya kampuni changa. Rafiki yenu wa chuo aliandika programu ya kikaushio usiku kwa usiku, bila mshahara, kwa ahadi kwamba "tutaona mbele". Kampuni iliandikishwa miezi minane baadaye. Siku anaiandika, kampuni ilikuwa haijazaliwa. Haikuweza kumwajiri wala kumwagiza. Hakimiliki iko kwake, na akienda zake Kigali kutafuta kazi anaondoka nayo. Kampuni ina programu kwenye kompyuta, lakini haina haki ya kuiuza.

Dalili yake huonekana mwekezaji anapouliza, na wawekezaji huuliza mapema: nionyesheni karatasi ya kila mtu aliyewahi kuandika mstari wa programu hii. Dawa yake ni nyepesi ikitangulia, na ni ghali ikichelewa. Ni hati ya kurasa mbili tatu ambayo kila mwandishi na mchoraji anaihamishia kampuni haki zake, kwa maandishi na kwa saini, ikitaja wazi kazi zilizofanywa kabla ya kampuni kuandikishwa. Aliyechora nembo naye asisahauliwe. Nembo ina haki mbili kwa pamoja, ya alama na ya mchoro, na mara nyingi ya pili inakuwa bado iko kwa kijana aliyelipwa shilingi chache kwa simu. Ikiwa risiti ya malipo haisemi amehamisha haki, usidhani amehamisha.

Linabaki wazo lenyewe, lile tulilosema halina ofisi. Taasisi ya mikopo midogo ya Faulu Kenya, ambayo ilikuwa mshirika katika majaribio ya M-Pesa ya mwaka 2005, ilikwenda Mahakama Kuu mwaka 2012 kuomba M-Shwari, huduma ya akiba na mkopo ya Safaricom, isimamishwe. Ilisema wazo lile ililipeleka yenyewe. Mahakama ilikataa kuisimamisha, na M-Shwari ikaendelea.

Mwaka 2000 huko Afrika Kusini mhasibu mwanafunzi wa Vodacom, Nkosana Makate, alifikiria njia ya mtu asiye na salio kumtumia mwenzake ujumbe wa kuomba apigiwe. Alimpelekea mkuu wa uendelezaji wa bidhaa, wakakubaliana kwa mdomo kwamba huduma ikifaulu atapata mgao. Ikazinduliwa Machi 2001, ikaitwa Please Call Me, ikaingiza fedha nyingi. Hakulipwa. Kesi yake hakuijenga juu ya hataza, kwani hakuwa nayo, wala juu ya hakimiliki. Aliijenga juu ya ahadi. Mahakama Kuu mwaka 2014 ilikubali kwamba makubaliano yalikuwepo, lakini ikasema muda wa kudai umepita na bosi yule hakuwa na mamlaka ya kuahidi. Mahakama ya Katiba ilizitupa hoja zote mbili tarehe 26 Aprili 2016, ikaiamuru Vodacom ijadiliane naye malipo kwa nia njema. Mabishano ya kiasi gani yaliendelea mpaka 2025, walipopatana nje ya mahakama.

Kwa anayekwenda kesho kuonyesha wazo lake kwenye ofisi ya kampuni kubwa, tofauti ya kesi hizi ina matumizi ya moja kwa moja. Apeleke mkataba wa usiri wa ukurasa mmoja unaosema nini kinaonyeshwa, kwa kazi gani, na kwamba hakitatumika bila makubaliano. Kampuni nyingi kubwa zitakataa kuusaini. Basi aonyeshe matokeo na azuie namna yanavyopatikana, na jioni ileile atume barua pepe ya shukrani inayotaja tarehe, waliohudhuria na yaliyozungumzwa. Katika kesi ya Makate kulikuwa na maandishi ya namna hiyo ambayo Vodacom iliyatoa yenyewe: jarida lake la ndani la wafanyakazi, huduma ilipozinduliwa, lilimshukuru kwa jina kama mwenye wazo.